Kisanduku cha Wanaoumia

Ofisi yetu ilikuwa Omurushaka, juu ya duka la mnunuzi wa mazao. Tulikuwa watu wawili na seva moja ya kukodi: mimi nikipokea simu za wateja, na mwenzangu, kijana wa Muleba, akiandika programu. Programu yenyewe ilikuwa ya simu. Mkulima wa kahawa aliitumia kuomba zamu ya kupima kwenye kituo cha ununuzi, ili asishinde foleni kutwa nzima na magunia yake.

Hitilafu hazikuisha. Tuliziandika kwenye orodha, na kila Jumatatu tulichagua ya kurekebisha kwanza. Nasema tulichagua, lakini ukweli ni kwamba aliyechagua ni mwenye nyumba wetu, yule mnunuzi wa chini. Alikuwa mteja kama wengine, ila wengine walipiga simu, naye alipanda ngazi. Tena alipanda na senene, wale panzi watamu, wa kukaanga kwenye bakuli la bati. Mwenzangu alikuwa mtu wa msimamo kwenye mambo yote isipokuwa senene.

Mwaka ule hitilafu ya mwenye nyumba ilikuwa picha yake. Kwenye orodha ya wanunuzi ilitokea imelala ubavu, kana kwamba amepumzika baada ya ubwabwa. "Wakulima wataniona mvivu," alilalamika, huku akisogeza bakuli. Mwenzangu akachukua senene mmoja, kisha akaiandika picha juu ya kila kitu.

Hasira zilinipanda. Nilikuwa na simu za watu waliokosa ujumbe, waliofungiwa nje ya akaunti, na hapa tunamsimamisha mtu mzima kwenye picha. Nikamwambia mwenzangu aongeze kisanduku kwenye kila hitilafu: wateja wangapi wanaumia, na wanaumia vipi. Wengi na wanaoumia sana watangulie. Senene wasihesabiwe.

Alikubali kwa shingo upande. Siku za mwanzo kisanduku kilituchekesha, maana kila aliyetoa taarifa aliulizwa ni wangapi, akajibu "wote." Mwenye nyumba naye alisema wote. Basi tukaacha kuuliza. Mwenzangu akaenda kwenye kumbukumbu za seva, akawa anahesabu akaunti zilizokutana na hitilafu kwa wiki nzima, kila akaunti mara moja tu, hata kama mwenyewe amejaribu mpaka kidole kikauma. Picha iliyolala ikapata moja, ikashuka hadi mkiani.

Mwenye nyumba akasoma namba yake, akanywea. Kesho yake wapagazi wake wote walifungua akaunti na kuweka picha zao, zote zikalala. "Sasa mimi ni wangapi?" aliuliza mlangoni. Nikamwonyesha sehemu ya pili ya kisanduku, wanaumia vipi. Tulikuwa tumeandika: hawaumii. Alishuka na bakuli lake, na mwenzangu akalisindikiza kwa macho.

Nilijiona nimefika. Juma lile lile akapiga simu mama mmoja wa Chonyonyo, katibu wa kikundi cha wakulima. Nilimfahamu kwa sauti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Waitu, tafadhali nisaidie, wananifukuza."

Akanieleza. Kikundi chao kilikuwa na simu moja, naye ndiye aliyeishika. Akikaa jioni anawaombea zamu wanachama wote, mmoja baada ya mwingine, na kila mara simu inamwambia ombi limepokelewa. Wanachama wakifika kituoni na magunia, karani wa mzani hawaoni kwenye orodha yake. Zamu iliyoonekana ilikuwa moja tu, ya mama mwenyewe. Imetokea hivyo tena na tena. Sasa wanasema amejipendelea, na Jumamosi wanakutana kumnyang'anya simu na ukatibu. Mvua nazo zilikuwa zinanukia, na kahawa iko kwenye mikeka.

"Mimi nimekaa nao maisha yangu yote," alisema. "Nitapita wapi nikiitwa mwizi wa zamu?"

Nikaiandika hitilafu. Mwenzangu akaangalia kumbukumbu, akajaza kisanduku: moja. Akaunti moja, lalamiko moja, na seva haikuwa imeandika kosa lolote. Ikaenda kukaa mkiani, jirani na picha ya mwenye nyumba.

Niliitazama ile moja nikashindwa kunywa chai. Ilinikera kwa sababu ilikuwa imetoka kwenye kisanduku changu mwenyewe. Nikamrudia mama kwa simu, nikamuuliza anaanza na nani anapoomba zamu.

"Wazee, kisha wajane, kisha wengine."

"Na wewe?"

"Mwisho, mwanangu. Hata akamwani, buni ya kutafuna tu, huli kabla ya mgeni."

Hapo nikacheka, kisha nikaona aibu kwa kucheka. Nilimwambia mwenzangu ajaribu kuomba zamu mbili kwa akaunti moja. Ya pili ikaifuta ya kwanza, kimya kimya, bila neno la kosa. Programu ilijua akaunti moja ni mtu mmoja, na mtu mmoja ana zamu moja. Hivyo aliyeandikwa mwisho ndiye aliyebaki. Adabu ya yule mama ndiyo iliyomfanya aonekane mlafi.

"Ajiandike wa kwanza wakati tunarekebisha," alisema mwenzangu. "Atajipoteza yeye, halafu atabaki wa mwisho mwingine." Aliposikia mwenyewe alichosema, akafungua tena kumbukumbu za seva.

Tukahesabu upya. Kila ombi lilikuwa na namba ya uanachama ya mkulima, na seva ilikuwa ikitunza historia ya mabadiliko. Safari hii hatukuhesabu akaunti. Tulihesabu wakulima ambao zamu zao zilifutwa na ombi la mwenzao kutoka akaunti ile ile. Chonyonyo walikuwepo, Bugomora walikuwepo, na kila palipokuwa na kikundi chenye simu moja. Ile moja ikawa mia mbili na ushei, na upande wa maumivu tukaandika: kahawa inanyeshewa. Ikaruka juu ya orodha nzima. Mwenzangu alirekebisha bila kuinua kichwa, akaiacha kila namba ya uanachama iwe na zamu yake, kisha akaanza kurudisha zile zilizofutwa ambazo siku zake zilikuwa bado mbele, na kutuma upya ujumbe wa kila zamu.

Jumamosi nilikwenda Chonyonyo. Niliogopa, nasema kweli. Wanachama walikuwa wamekaa kwenye mabenchi, simu iko juu ya meza mbele ya mwenyekiti, na mama amekaa peke yake na kitenge chake. Nilikuwa sijamaliza kueleza simu ilipoanza kulia. Ujumbe baada ya ujumbe. Mwenyekiti akawa anasoma majina: wazee, kisha wajane, kisha wengine, kwa mpangilio ule ule aliokuwa akiwaandika. Jina la mama likawa la mwisho.

Bibi mmoja wa benchi la mbele akasema taratibu, "Kumbe siku zote ulikuwa nyuma yetu."

Kura waliyokuja kuipiga wakaipiga kwa jambo jingine: zamu za juma linalofuata, jina la katibu litangulie. Mama alikataa. Wakamshinda kwa mikono. Akaivuta simu, akaandika jina lake likiwa la kwanza, na alipokuwa akibonyeza aliifunika kwa kitenge tusimwone.