Barua Aliyoichapa Bosi kwa Kidole Kimoja

Katika kiwanda kile cha magodoro, barua zote za kuthibitishwa kazini zilichapwa na karani wa utumishi. Alikuwa mama wa makamo, mchapakazi, ila midomo yake haikukubali kukaa kimya vidole vikiwa kazini. Alichapa huku akisoma kwa sauti, mfagiaji wa korido akawa anajua habari za watu kabla ya wenyewe. Ndiyo maana wakamwita Mama Tangazo.

Miezi yake mwenyewe sita ya majaribio iliisha Ijumaa. Jumatatu hakuna aliyempa rasimu yoyote achape. Badala yake bosi alijifungia ofisini, na kupitia ukuta wa mbao Mama Tangazo akamsikia akichapa mwenyewe. Tak. Kimya. Tak.

Akatega sikio. Barua ya kuthibitishwa alijua ina aya nne. Ya kuachishwa ni aya moja na shukrani. Bosi akatoka, akaomba karatasi. Moja tu. Mama Tangazo akajua kazi imekwisha, maana ya kuthibitishwa huhitaji nakala mbili, ya mhusika na ya faili. Na wanakwaya wenzake walikuwa wameshamwombea, hata kushukuru wameshashukuru. Atawaambia nini? Polepole akatia kikombe chake kwenye mkoba, akakunja na kile kimto cha sponji alichokuwa akikalia.

Akaitwa.

"Mbona umebeba mkoba?" bosi akauliza.

"Nimejiandaa, mkuu."

Bosi akamsogezea karatasi mbili, barua na nakala yake. Ile ya pili ilikuwa na orodha ya vyakula vya kantini mgongoni. Bosi alikuwa ameiokota mezani kwake mwenyewe. Mama Tangazo akasoma, safari hii kwa macho tu. Amethibitishwa kuanzia tarehe mosi Machi. Notisi, iliyokuwa siku saba, sasa ni mwezi mmoja kwa kila upande. Ameongezewa jukumu la kutunza faili za siri. Masharti mengine yanabaki vilevile. Tathmini ijayo ni baada ya miezi sita, tarehe mosi Septemba, na itaangalia hasa utunzaji wa siri.

Machozi yakamlenga, akamshukuru Mungu wake kimoyomoyo. Kisha akaweka kalamu chini.

"Mkuu, siwezi kusaini. Hiyo Septemba umeiandika ya mwaka jana. Nitakuwa nimetathminiwa kabla sijathibitishwa."

Bosi akavaa miwani, akaangalia, akacheka mpaka akaegemea kiti. "Hata wino haujakauka, mama, umeshaanza kunisahihisha. Haya, kairekebishe mwenyewe."

Mama Tangazo akarudi mezani kwake, akakunjua kimto, akakaa. Aliichapa upya yote, maana yale makosa mengine ya bosi asingeyavumilia. Alipofika mwisho, ufagio kwenye korido ukanyamaza.

"Hongera, Mama Tangazo," mfagiaji akasema kutoka nje. "Na hiyo Septemba, Mungu akusaidie."

Mama Tangazo akajiziba mdomo kwa mkono. Ukutani, upande wa pili, bosi akagonga mara moja.

"Nimesikia," akasema. "Tutaanza kuhesabu kesho."