Mkono Uliofungwa kwa Leso

Kiharusi kilimchukua Mama ulimi na upande wote wa kushoto. Kilimwachia mkono wa kulia, na huo ndio ukawa mdomo wake. Dadangu mkubwa ndiye aliyemuuguza nyumbani kwetu Bofu. Mimi nilikuwa nikija kutoka Changamwe nilipopata nafasi, na matunda kidogo na maneno mengi.

Siku hiyo nilimkuta Mama amefungwa mkono ule kwa leso kwenye ubao wa kitanda. Damu ilinipanda.

"Yuwajikuna mpaka atoka damu," dada akaniwahi. "Nifanyeje? Weye huji ukakesha hapa!"

Alikuwa amekonda, macho yamemwiva. Nikameza nililotaka kusema, nikafungua leso.

Dada alidhani ni viroboto, na paka alikuwa ameshafukuzwa. Nikamfunua Mama. Miguu ilikuwa safi, na kiroboto huanzia huko chini, kwenye vifundo. Vipele vilikuwa shingoni, mabegani na mikononi, pale shuka isipofika: vyekundu, vimevimba, vitatu vinne vimefuatana kwa mstari. Vya mkono wa kushoto alikuwa amevichimba vikawa vidonda. Vya mkono wa kulia vilikuwa vizima, maana hakuna mkono wa kuvikuna.

Lakini vipele peke yake si ushahidi. Mbu nao wanauma. Tukambeba Mama, tukamkalisha kitini, nikaanza kukagua kitanda. Shuka ilikuwa na vidoa vya damu iliyokauka. Kwenye mishono ya godoro kulikuwa na nukta nyeusi, nyingi, na nilipozipangusa kwa kitambaa kibichi zilisambaa zikawa hudhurungi. Kando yake, magamba matupu, mepesi. Nikachukua kadi ya benki nikaipitisha kwenye ufa wa ubao wa kichwani. Wakatoka kunguni, wakubwa kwa wadogo, bapa, pamoja na ile harufu yao inayokwama kooni.

"Wallahi, kunguni? Nyumba hini?" dada akanong'ona, akaenda kufunga mlango ili majirani wasisikie. Nilimchukia kwa mlango ule.

Aliporudi alisimama akiutazama ufa. Kisha akakaa sakafuni.

"Alikuwa akigonga hapo," akasema. "Kabla sijamfunga. Hapo hapo. Nikimpa maji, agonga. Nikimpa uji, agonga. Nikamwambia, Mama, nimechoka na kelele."

Mimi pia nilikuwa nimezisikia kelele zile za kugonga kwenye simu, nikauliza ni fundi gani anayefanya kazi.

Mama alikuwa akitusikia, mkono wake huru juu ya paja. Hakujikuna. Dada akamsogelea kwa magoti, akaushika mkono ule aubusu, akisema, "N'wie radhi, Mama."

Mama akauvuta.