Mkono Uliosomeka Sawa

Mama mdogo hajawahi kusema kitu ni kizuri. Ukimpelekea sentensi aikague, anainusa kama maziwa yaliyolala nje, halafu akiipitisha anasema, "Haya, haina ubaya." Hiyo ndiyo nishani.

Kazi yake ni kutafsiri hati: vyeti vya ndoa, vya talaka, vya kuzaliwa. Chumba chake kiko ghorofa ya chini ya duka letu la tatuu, kina meza, muhuri, miwani miwili na kiti kimoja cha mgeni. Bosi wangu aliweka sheria moja tu: neno lolote la kwenda kwenye ngozi lishuke kwanza ngazi, likaonwe na mama mdogo.

"Cheti kikikosewa unachana," mama mdogo huniambia. "Ngozi utaichana, Nusu Diploma?"

Nusu Diploma ni mimi. Usanifu wa picha, mwaka wa pili, tuliachana kwa amani.

Ana mtindo wake wa kazi, na wateja wengi huuona kama uchawi. Humsimamisha mteja, humwonyesha kile kiti kitupu na kusema, "Mwambie." Mteja hucheka, lakini mama mdogo hacheki naye. Anataka kusikia nani anasema na anamwambia nani, mmoja au wengi, mwanamume au mwanamke, maana kuna lugha ambazo huwezi kuziandika kabla hujajua hayo. Nimeona wanaume wenye misuli kama magunia ya saruji wakilia mbele ya kile kiti.

Mchana mmoja wa mvua akaja kijana mwembamba mwenye kitambaa cheusi mkononi. Alikuwa amemzika kaka yake. Kaka huyo alikuwa na tatuu mkononi, neno moja kwa Kiswahili na chini yake kwa Kiarabu. Yeye alitaka ileile, aongeze na Kilatini, "ili iwe nzito."

Nikamshusha kwa mama mdogo. Kijana akatoa karatasi. Juu aliandika *Sita kuacha*.

"Sita ni hesabu," mama mdogo akasema. "Unaunganisha, baba. Sitakuacha. Na hiki Kilatini?"

"Nimetoa kwenye simu, mama."

*Ego non licentia vobis.* Mama mdogo akavaa miwani ya pili juu ya ile ya kwanza.

"Simu yako imepitia Kiingereza, na huko neno la kuacha ni hilohilo la ruhusa. Hapa umeandika: mimi si ruhusa kwenu."

"Kama bango la ofisi ya mwalimu mkuu," nikasema.

"Wewe nyamaza." Akamgeukia kijana na kuelekeza kidole kwenye kiti. "Mwambie."

Kijana hakucheka. Alikigeukia kiti, mvua ikipiga bati la jirani, akasema polepole, "Sitakuacha." Alisema kama mtu anayejibu. Wallahi nilitazama kiti.

"Mmoja?"

"Mmoja. Kaka yangu."

Mama mdogo akaandika *Non te relinquam*, akasema huyo *te* ni mtu mmoja, atosheke. Kisha akaandika Kiarabu kwa mkono wake, لن أتركك, akaeleza kwamba bila alama za irabu maneno hayo yanaandikwa vilevile kwa kaka au kwa dada. "Sasa nionyeshe ya marehemu. Umesema ileile, na mimi sipitishi ileile nisiyoiona."

Kijana akatoa simu. Picha ya kwanza ilikuwa ya kaka akiwa hai, kwenye sherehe ya kazini, ameinua mkono na chupa ya soda. Mama mdogo akaikuza.

"Programu ya kompyuta imemtenda vibaya huyu," akasema. Herufi za Kiarabu hushikana, lakini hizi kila moja ilisimama peke yake, kama watu kwenye lifti. Tena zilianza kushoto badala ya kulia, kwa hiyo msomaji angekutana na mwisho kwanza.

"Labda picha imegeuzwa," nikasema. "Kamera za mbele hugeuza."

"Ingegeuzwa, na Kiswahili kingegeuka. Hiki hapa kinasomeka vizuri. Kosa liko kwenye ngozi." Akamrudishia simu. "Ulitaka ileile, baba. Unataka na kosa lake?"

Kijana akafikiri. Akasema wengine nyumbani hawajawahi kuona kosa lolote, na hata siku ya kumtambua ni tatuu hiyo iliyowasaidia. Mwili ulikaa majini siku nyingi, uso haukuwa na kazi tena. Mama yake alikataa kuingia chumba cha maiti, akataka picha ya mkono tu. "Ninayo hapa," akasema, na kabla hatujamwambia asitoe, akaitoa.

Mama mdogo aliitazama. Nikaona anavua miwani yote miwili, anaifuta, anaivaa tena.

"Baba," akasema, "hebu kaa chini."

"Nini, mama?"

"Hii inasomeka."

Nikainama. Ulikuwa mkono wa rangi ya nta, Kiswahili juu, Kiarabu chini. Herufi lam na nun zimeshikana, kafu mbili za mwisho zimeshikana, mstari unaanza kulia. Safi kabisa.

"Aliirekebisha," kijana akasema haraka. "Si inawezekana?"

Alikuwa ananiuliza mimi. Hiyo ndiyo kazi yangu, na sikuwa na mzaha wowote wa kumpa. Tatuu mbaya hufunikwa kwa wino mweusi zaidi, au hufutwa kwa mwanga wa leza, na ngozi hubaki na kivuli. Pale katikati ya herufi palikuwa na ngozi tupu, haijawahi kuguswa.

"Haiwezekani, kaka," nikasema.

"Na hiyo kafu," mama mdogo akasema kwa sauti ndogo, "mkia wake umepinda. Kifundo changu cha mkono kilivunjika nikiwa mtoto, kafu zangu zote zinapinda hapo." Akaweka karatasi aliyoandika punde kando ya simu. Mkono wa maiti na karatasi yenye wino mbichi, mwandiko mmoja. "Alikuja mtu. Alisema rafiki yake anayo tatuu hii lakini imekosewa, akataka ya kwake iwe sahihi. Nikamwambia amlete huyo rafiki. Hakumleta."

Ndipo na mimi nikakumbuka. Sikukumbuka uso. Sisi hukumbuka ngozi. Ule mkono niliushika kwa saa nzima, ukiwa na joto.

"Basi tumemzika nani?"

"Jina lake silijui," mama mdogo akasema. Alikuwa ameshavuta karatasi ya maelezo na kufungua wino wa muhuri. "Nitaandika nilichosoma kwenye picha zote mbili, na huyu mwanangu ataandika alichochora. Utapeleka polisi sasa hivi. Yule mliyemzika naye ana mama yake, anamsubiri."

Kijana hakusikia. Alikuwa ameshainuka.

"Tangu mazishi," akasema, "mama anatuambia kuna mtu anampigia simu. Anapokea, mtu hasemi, anahema tu. Mama anasema ni kaka. Tukajua ni majonzi yamemzidi."

"Mkafanya nini?" mama mdogo akauliza.

"Tukatupa laini ya mama. Tukamnunulia namba mpya."

Muhuri ulibaki hewani mkononi mwa mama mdogo. Kisha akaubwaga mezani, akasukuma karatasi kando na kusema, "Kimbia, kairudishe ile laini."