Asilimia Sabini na Tano na Nguruwe wa Bondeni

Miaka ile ya ruksa ya biashara, mitumba ilipojaa Kibiti hadi mbuzi wakakaribia kuvaa suti, mimi nilisoma shule ya jioni. Kituo chetu kilikuwa na sharti moja: bila mahudhurio ya asilimia sabini na tano, jina lako haliendi kwenye mtihani.

Vipindi arobaini vilikuwa vimefanyika, nami nilihudhuria ishirini na sita. Jioni nilizokosa nilikuwa juu ya dungu bondeni, nikilinda mpunga dhidi ya nguruwe wakubwa kama matrekta.

Nikapiga hesabu: robo tatu ya arobaini ni thelathini. Nimebakiza vinne! Nikamwambia mke wangu, "Nilindie jioni nne tu, mama watoto. Ya tano nipo kwenye dungu."

Akalinda. Nilipomaliza vinne, nikamfuata mwalimu kifua mbele.

"Umefika thelathini, kweli," alisema. "Lakini ulipokuwa unahudhuria, vipindi vilisimama kukusubiri? Sasa ni arobaini na vinne. Robo tatu yake ni thelathini na vitatu."

"Basi bado vitatu."

"Navyo vitaongezeka hukohuko! Unahitaji kumi na viwili mfululizo: arobaini na viwili kwa hamsini na sita."

Kabla ya majina kupelekwa vilibaki kumi na viwili vilevile. Nisikose hata kimoja.

Nyumbani nilieleza kwa sauti ndogo. Mke wangu aliacha kupepeta.

"Vinne vimezaa kumi na viwili? Hizo ni hesabu au sungura?"

"Nikikosa kimoja, mwaka mzima umekwenda."

Akaurudia ungo wake. "Haya, nenda. Ila ukifeli, utalala kwenye dungu mpaka uote mkia."

Alimwita kaka yake kutoka Nyamwage wakapokezana kulinda. Mimi nikahudhuria hata nikiwa na homa ambayo ingemwangusha kiboko.

Jioni ya kumi na mbili ikanyesha mvua ya kuhamisha mito. Darasani nilikuwa peke yangu; wenzangu walikwishatimiza asilimia zao, wamejifunika mashuka. Nikaenda kugonga kwa mwalimu, jirani na shule.

"Mtu mmoja si darasa, bwana," alisema akiwa mlangoni. "Leo hakuna kipindi."

"Basi niko arobaini na moja kwa hamsini na tano, mwalimu. Robo tatu ya hamsini na tano ni arobaini na moja na robo. Hiyo robo niitoe wapi?"

Midomo yake ikapiga hesabu. Kisha akacheka hadi akashika mwimo wa mlango. "Kumbe umeelewa!"

Akachukua mwavuli, chaki na daftari la mahudhurio. Alinifundisha kipindi kizima, akaita jina langu kwa sauti ya kuamsha Ikwiriri, nami nikasimama nikaitika.

Asubuhi nilipanda baiskeli kwenda bondeni. Mke wangu alikuwa juu ya dungu, macho mekundu.

"Zimetimia?"

"Zimetimia kamili, hazikuzidi hata punje."

"Basi panda," alisema akishuka ngazi. "Nami nikalale."