Mstari Mwekundu Kwenye Simu Yangu

Mimi ndiye katibu wa akina mama wa kanisa letu hapa Kiogoro, na matangazo ya kikundi huyaandika kwa Kiswahili kwenye simu. Nikiandika "kama", simu inaweka "karma". Maneno mengine inayapigia mstari mwekundu. Kiswahili mimi nilikikuta shuleni, nikitoka nyumbani na lugha yetu ya Ekegusii tupu, na mwalimu alitusahihisha kwa kalamu ya rangi hiyohiyo. Basi nikaiamini simu. Tangazo likijaa wekundu nalifuta, namwachia mwenzangu aandike.

Juzi nilimpelekea fundi mjini simu hiyo anibadilishie kioo. Alipojaribu kuandika, akacheka.

"Mama, kibodi yako ina Kiingereza peke yake. Kila neno isilolijua inaliona kosa."

Akashikilia kitufe cha koma, akafungua mipangilio, akaingia kwenye lugha, akaongeza Kiswahili na kukichagua. Nikaandika tangazo la Sabato palepale. Mistari haikutokea.

Nilimshukuru, lakini njiani hasira zilinipanda. Miaka yote hiyo kalamu nyekundu nilimpa mwalimu asiyejua hata neno moja la Kiswahili.