Nauli ya Lori Ndani ya Magunia

Mtunza ghala wetu nilimwonea kijicho, na sioni sababu ya kulipamba. Alikuja kutoka Kilangala akiwa na shati moja la heshima, akanikuta mimi nina miaka minane kwenye kiti cha uhasibu cha ushirika. Mwaka haukuisha, wakulima wakawa wanamsalimia yeye kwanza. Akicheka, wapakiaji nao wanacheka. Mimi nikicheka, wananiuliza kama mishahara imetoka.

Ndipo ikatangazwa nafasi ya msaidizi wa meneja. Tulibaki wawili, mimi na yeye. Roho iliniuma kabla hata ya usaili.

Mwezi wa saba, wajumbe wa bodi wakisoma taarifa ya mwezi wa sita, waliona gharama za magunia zimeruka. Magunia yako chini ya mtunza ghala. Meneja, mama wa makamo asiyependa maneno mengi, akaniita.

"Mhasibu, nitafutie sababu. Bodi haimpi mtu cheo magunia yakiwa na maswali."

Nilitoka pale nimefurahi, na furaha yenyewe haikuwa nzuri. Nikafungua leja, nikachukua kila kiasi kilichoingia debiti, yaani upande wa matumizi, kwenye akaunti ya magunia, nikakioanisha na hati ya ghala ya kupokea mzigo. Yote yalioana, isipokuwa laki tisa na themanini. Fedha zimelipwa, magunia hayakupokelewa.

Nimemkamata! Ilikuwa saa ya chai, nikaenda kibandani nikamkuta mpima mizani. Sikuweza kujizuia. "Kuna magunia yamelipiwa, ghalani hayapo," nilimwambia, nikamkonyeza. "Mimi sijasema kitu."

Niliporudi ofisini nikatoa faili la vocha za malipo. Ankara ilikuwa ya yule mfanyabiashara anayetuuzia magunia miaka yote, muhuri wake ule mkubwa wa buluu. Ila mstari wa maelezo ulisomeka: nauli ya lori, ufuta kutoka Mitole hadi ghala kuu. Msimu ule alikuwa amenunua lori, nasi tulilikodi. Juu ya vocha, aliyeandika "Akaunti: Magunia" alikuwa na mwandiko wangu. Niliona muhuri, mkono ukaandika ulichozoea. Nyani haoni kundule.

Urari, ule mlinganisho wa debiti na krediti wa kila mwezi, haukunishtua kwa sababu ulilingana. Debiti ni debiti, hata ikikaa chumba cha jirani.

Nilikaa. Nikinyamaza, magunia yataendelea kuwa na maswali na kiti kitakuwa changu. Nililiwaza hilo kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Kilichonitoa si wema. Nilijua kwamba mkaguzi akija mwisho wa mwaka atakwenda njia ileile niliyopita, na atafika kwenye mwandiko uleule.

Mwezi wa sita ulikwisha kufungwa na taarifa yake ilishasomwa, kwa hiyo sikufuta wala kukwangua kitu. Niliandika hati ya marekebisho yenye tarehe ya mwezi wa saba: debiti Usafirishaji iongezeke, krediti Magunia ipungue, laki tisa na themanini kila upande. Benki sikuigusa, maana fedha zilikwenda kwa mwenyewe na kwa kiasi sahihi. Nikataja namba ya vocha ya awali, nikaambatanisha nakala ya ankara, na kwenye sababu nikaandika: kosa la mhasibu katika kuchagua akaunti. Neno "mhasibu" nililiandika mara mbili, la kwanza halikusomeka.

"Shikamoo mama," nilimwambia meneja, nikaweka karatasi mezani.

"Marahaba." Akasoma ankara kwanza, kisha hati. "Jumla ya matumizi inabadilika?"

"Haibadiliki. Mwaka wa hesabu ni uleule. Ila bodi tuiandikie, isije ikaona magunia ya mwezi huu yamepungua ghafla ikashangaa tena."

Akasaini kuidhinisha. Hakunigombeza, na hilo liliniudhi zaidi.

Cheo alipewa mtunza ghala. Siku ya barua yake alikuja mezani kwangu akanishika mkono kwa mikono miwili.

"Kaka, umenisafisha. Wengine wangenyamaza."

Wivu wangu haukupoa hata kidogo, ulizidi. Hata shukrani alikuwa anazijua kunizidi.

Hakuachia mkono. "Ila kaka, kuna jambo linanisumbua. Wapakiaji wananitania niliuza magunia bei gani. Juzi mke wangu ameulizwa kisimani. Neno hilo wamelisikia kwa mpima mizani, naye hasemi kalitoa wapi. Wewe ndiye mwenye vitabu, unadhani lilianzia kwa nani?"

Hati ya marekebisho ilikuwa kwenye faili, imesainiwa, kila shilingi imekaa mahali pake. Nilimtazama usoni.

"Sijui, ndugu yangu," nilisema.