Kabichi za Mtu Mmoja

Wiki ile mke wangu na watoto walipokwenda Butembo, nilinunua kabichi moja nikaila mpaka nikaichukia. Mkono wangu ulikuwa umezoea kuchagua kabichi ya nyumba iliyojaa. Siku ya kwanza niliikaanga na nyanya, siku ya pili nikaichanganya na maharage, siku zilizofuata nilikuwa naikata kwa hasira tu, maana haikuwa inapungua. Mwishowe ikaanza kunuka, nikawapa mbuzi wa jirani nusu nzima.

Walikuwa wameondoka kwa sababu vita vilikuwa vimeingia mjini na shule zimefungwa. Barabara ya moja kwa moja haikupitika, wakazungukia Uganda, mpaka wakafika kwa wakwe zangu. Mimi nilibaki Goma kwa ajili ya kabichi hizo hizo. Mimi ni sekretere, yaani katibu, wa koperative ya wakulima wa Kalengera, kwenye barabara ya kwenda Rutshuru. Wao wanalima, mimi nakaa kwenye depo yetu ya Munigi, napokea mboga zikifika na kuwatafutia wanunuzi. Wanunuzi ndio walikuwa wamekwisha. Mama wa masoko waliokuwa wakituchukulia mzigo mkubwa walitawanyika, na wanachama wakaanza kuwauzia wachuuzi wanaofika mpaka shambani na kutaja bei kabla hata hawajashuka kwenye pikipiki.

Mke wangu hana maneno mengi kwenye simu. "Ukipata mnunuzi wa kudumu, baki," aliniambia. "Msimu ukiisha bila kitu, funga hiyo depo uje. Watoto wanakuuliza."

Nilikubali, na nilijua vizuri nilichokubali. Nikifaulu, nitabaki peke yangu na kazi. Nikishindwa, nitakuwa na familia yangu, mikono mitupu, nikila kwa wakwe, na wale wa Kalengera kila mtu atarudi kwa mchuuzi wake. Mtu mzima anaomba aachwe peke yake, tena anaomba kwa bidii. Nilijionea huruma, sitaficha.

Wazo la kuandika lilikuwa la prezida wetu wa koperative, mama mjane mwenye sauti ya kuita watu kutoka mlima wa pili. "Andikia hawa watu wa supamaketi," alisema.

"Mama, siwajui hata mmoja."

"Nani alikuambia mutu anaandikia tu wenye anajua?"

Basi nikaanza. Anwani za imeili nilizitoa kwenye risiti, kwenye mabango, kwenye kurasa zao za mtandaoni. Niliandika kwa Kifaransa, maana mambo ya ofisi kwetu hayajui lugha nyingine. Barua ya kwanza ilikuwa na salamu ndefu, na baraka za udongo wa volkano, na historia ya koperative tangu ilipozaliwa. Niliisoma tena nikaona hata mimi nisingeifikisha mwisho. Nikakata. Nikabakiza sisi ni nani, tuna nini: kabichi, karoti, poro (liki), vitunguu. Tunaleta kila wiki, asubuhi ya Jumanne, na sampuli ya kwanza ni bure. Kila supamaketi niliiandikia yake peke yake na kumtaja mkuu wa ununuzi, kwa sababu barua ya watu wote hakuna anayejiona ameandikiwa. Chini nikaweka picha ya prezida wetu amekumbatia kabichi kama mtoto wa kubatizwa. Nikajisifu kwamba hakuna kabichi kubwa kama zetu mji mzima.

Kimya. Nilikuwa nafungua simu kabla ya kunawa uso. Jibu lililokuja haraka lilikuwa moja tu: *Kwa sasa siko ofisini, nitakujibu nikirudi.* Nilijua ni mashine. Hata hivyo nikajibu: "Asante sana, safari njema." Mashine ikanijibu tena kwamba haiko ofisini. Yesu wangu, siku hiyo huyo ndiye aliyekuwa ameongea nami zaidi ya wote.

Baada ya wiki moja niliandika tena, mistari michache ya kukumbusha tu, bila kulalamika, kwa sababu mnunuzi ukimlalamikia kabla hajanunua umemkimbiza. Kisha nikarudi kukaa depo. Zamani watoto wangu walipitia pale wakitoka shule, wakipanda juu ya mizani kujipima na kubishana nani amekua. Sasa mizani ilikaa kwenye sifuri siku nzima. Jumapili nilikwenda misa nikakaa kwenye benchi letu, na watu wakanibananisha kutoka pande zote mbili kwa kuwa nafasi ilikuwepo.

Jibu likaja siku nilipokuwa nimeacha kulitazamia. Lilitoka kwa mkuu wa ununuzi wa supamaketi moja ya katikati ya mji. "Bwana, kabichi zenu ni kubwa mno. Mna ndogo? Na mnaposema kila wiki, ni kila wiki kweli? Njoo na sampuli Alhamisi, mlango wa nyuma."

Nilipeleka habari Kalengera, nikadhani watashangilia. Wakanuna. Kwetu kabichi ndogo ni ya kula nyumbani, au inauzwa mwisho wakati jua limeshaichosha. Kubwa ndiyo unampa mgeni, ndiyo unapeleka altareni siku ya mavuno. Umpelekee mtu mara ya kwanza vitu vidogo, atakuona wa namna gani? Nilieleza, nikaeleza tena. Prezida akaitika kwa kichwa, akafunga kreti mwenyewe kwa majani ya mgomba, akanipakilia.

Alhamisi nikaifungua kreti hiyo mbele ya mnunuzi. Juu kabisa zilikuwa zimekaa kabichi tatu kubwa, zimesuguliwa mpaka zinang'aa, na ndogo zimefichwa chini yake kama aibu ya familia. Nilitamani sakafu inimeze.

Mnunuzi alikuwa mama wa upande wa Bukavu, kalamu imechomekwa kwenye nywele, anasimama katikati ya makatoni kama mtu ambaye hajakaa tangu asubuhi. Hakukasirika. Alichukua ile kubwa kuliko zote, akaikata katikati, akasifu ilivyofunga vizuri. Halafu akasogeza mapazia ya plastiki yanayotenga stoo na duka.

"Papa, angalia wateja wangu," alisema. "Ule mwenye shati nyeupe, bibi na watoto wake wako Kampala. Ule wa miwani iko mutu wa mashirika, anapanga chumba. Yule mama mabinti wake walishaenda wote. Wanashika shu, hii kabichi, wanaipenda, wanairudisha. Nani atakula yote hii? Nikiwakatia nusu, kwenye plastiki inageuka rangi kesho yake. Mji huu siku hizi ni wa watu wa peke yao."

Nilitazama. Mwenye shati jeupe alikuwa anachagua vitunguu kimoja kimoja, polepole, kama mtu ambaye hana wa kumwahi nyumbani. Haki ya Mungu, nilikuwa najitazama mwenyewe. Wiki zote hizo nilikuwa nasifia ukubwa wa kabichi, na mimi mwenyewe nalisha mbuzi.

"Hata mimi, mama," nikasema. "Wangu wako Butembo. Nusu ninaitupa."

Akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Sasa si hiyo ndiyo ungeandika?"

Nikaenda kuiandika mchana huo huo, nimekaa juu ya kreti tupu kule depo. Safari hii sikujisifu. Niliandika: kabichi ya mtu mmoja, inayokwisha kabla haijaharibika, na fungu dogo la karoti na poro kwa sufuria ndogo, kila Jumanne. Nilimpelekea yeye, nikawapelekea na wale wengine wasiojibu. Kwake likaja jibu la ndiyo: tuanze kwa mzigo mdogo wa majaribio, na wiki tutakayokosa bila kumjulisha mapema iwe ya mwisho. Na yule ambaye hayuko ofisini, kumbe alikuwa amerudi, akaomba sampuli.

Kazi ikawa kuifanya ile "kila wiki" iwe kweli. Kalengera watu wanapanda mvua ikinyesha, wote siku moja, wanavuna wote siku moja, halafu mwezi mzima hakuna kitu. Nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba ndefu. Prezida akanikatiza. "Iko kama likelemba," alisema, na kila mtu akaelewa, maana likelemba wanaijua wote: mnachanga pamoja, anapokea mmoja, kwa zamu. Basi wakapanga zamu za kumwaga mbegu, wiki hii huyu, wiki ijayo yule, na zamu za kiangazi wakapewa wenye mashamba ya karibu na mto. Miche wakaipanda kwa kubana, maana kabichi ikikosa nafasi inabaki ndogo. Wakati wanangojea hizo, tulichagua ndogo ndogo kutoka mashamba ya zamani.

Nilimpigia mke wangu. "Wamekubali," nikasema.

Nilisikia mtoto wetu wa mwisho akipiga kelele nyuma yake. "Basi ni vizuri," akasema. "Baki. Njia ikifunguka tutarudi." Halafu akauliza ninakula nini. Nikamwambia: kabichi. Akacheka, nami nikacheka, na simu ilipokatika nilikaa pale nikalia kama mtu aliyenyimwa, wakati nilikuwa nimepewa.

Prezida hakuwa ameacha ubishi wake. Pembeni mwa shamba lake, nyuma ya zile za kubana, alipanda mstari mmoja kwa nafasi ya zamani. Nilimuuliza hizo kubwa ni za nani. "Za siku bibi yako na watoto watarudi," alisema. "Hawatakula hizi za wanasupamaketi."

Jumanne zikapita. Mzigo haukukosa. Siku moja niliingia dukani kwa mlango wa mbele kama mteja, nikaona kabichi zetu zimepangwa, na mwenye shati jeupe akaweka moja kwenye kikapu bila kuirudisha. Nilifurahi kweli. Nikachukua moja na mimi, nikapanga foleni nyuma yake, kila mtu na yake moja.

Jumanne moja gari lilipofika Munigi, prezida alikuwa amekaa mbele na dereva. Huwa haji mjini. Mapajani alikuwa ameshika kabichi kubwa, imepasuka kutoka juu mpaka katikati, kama zinavyofanya zikiachwa shambani kupita wakati wake.

"Ni ya kwenu," aliniambia. "Imengoja mpaka imepasuka. Mstari wote umepasuka."

Niliipokea kwa mikono miwili. Ilikuwa nzito, na bado ina umande ndani ya ufa. Nilijua tayari mbuzi watapata nusu.

"Tupande ingine, Papa?" akauliza, bila kunitazama.

"Pandeni," nikasema. "Mpande kwa nafasi."